Vidonge vitatu, utumbo mmoja: dawa za kibofu, mzio na akili zinapofunga choo

Mama wa miaka 67 anaingia kliniki akilalamika kuharisha. Ana siku nne sasa, anasema, maji maji yanamtoka bila taarifa na nguo zinachafuka. Amenunua vidonge vya loperamidi kuzuia kuhara, amekunywa, lakini hali ni ile ile, na tumbo limeanza kuwa gumu kama ngoma. Daktari anamuuliza swali ambalo wengi hulisahau: "Mama, kabla ya maji haya, mara ya mwisho kupata choo cha kawaida ilikuwa lini?" Anafikiri. Wiki mbili zilizopita, pengine zaidi.

Huyu ni mgonjwa wa mfano, nimemuunda kutokana na wengi wanaofanana naye, lakini kila kipande chake ni cha kweli. Daktari anavaa glovu na kumpima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Kumejaa kinyesi kigumu kama udongo uliokauka. Kinachotoka si kuhara. Ni majimaji ya juu yanayopenya pembeni mwa bonge lililoziba njia, na loperamidi imeongeza breki juu ya gari ambalo tayari limesimama.

Sasa tazama mfuko wake wa dawa. Kuna oksibutinini miligramu 5 mara mbili kwa siku, aliyoandikiwa kwa sababu mkojo ulikuwa ukimbana ghafla. Kuna klorofeniramini miligramu 4 kila usiku kwa ajili ya mafua ya mzio, na yeye mwenyewe anakiri kwamba siku hizi anainywa zaidi kwa ajili ya usingizi. Kuna olanzapini miligramu 10, anayoitumia kwa miaka tisa tangu alipougua ugonjwa wa akili mara ya pili. Dawa tatu, waandikaji watatu, malalamiko matatu yasiyohusiana. Utumbo wake haujui hayo yote. Kwa utumbo, hizo ni dozi tatu za kitu kimoja.

Kitu hicho ni kuzuia asetilikolini. Ndani ya ukuta wa utumbo, katikati ya tabaka mbili za misuli, kuna mtandao wa neva unaoendesha mwendo wa chakula bila kungoja amri ya ubongo. Neva hizo zinapotaka msuli ukaze, humwaga asetilikolini, nayo hushika vipokezi vya muskarini juu ya msuli, hasa kile kinachoitwa M3. Msuli hukaza nyuma ya kinyesi, hulegea mbele yake, na mzigo husogea. Asetilikolini hiyo hiyo huchochea tezi za utumbo kutoa majimaji yanayolainisha njia. Ukiizuia, unapata hasara mbili kwa pamoja: mzigo unasogea polepole, na kwa kuwa umekaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, maji yake yanafyonzwa mpaka unakauka.

Sasa, msuli wa kibofu nao unakazwa na M3. Ndiyo maana oksibutinini inafanya kazi: inautuliza msuli wa kibofu usijikaze ovyo. Haina macho ya kuona kibofu kiko wapi na utumbo uko wapi. Dawa za kizazi cha zamani za mzio, kama klorofeniramini, prometazini na difenhidramini, zilitengenezwa kuzuia histamini, lakini umbo lake linatoshea pia kwenye vipokezi vya muskarini. Kinywa kukauka na pua kuacha kuchuruzika ni sehemu ya athari hiyo. Dawa za akili zinatofautiana sana. Klozapini, olanzapini na klorpromazini hushika vipokezi hivyo kwa nguvu, kwetiapini kwa kiasi, ilhali haloperidoli, risperidoni na aripiprazoli hazivigusi kwa kiwango cha kuleta shida kubwa.

Kuna mizani zinazotumika kuhesabu mzigo huu, ambapo kila dawa hupewa alama kati ya 0 na 3. Kwenye mizani inayotumika sana, dawa zote tatu za mama huyu zina alama 3, jumla 9, na madaktari huanza kuwa na wasiwasi jumla ikifika 3. Mimi huitumia namba hii kama taa ya onyo tu. Haijali dozi: robo kidonge na vidonge vitatu hupata alama ile ile. Na zaidi, mizani hii ilitengenezwa kwa kufikiria ubongo wa mzee, yaani kusahau na kuchanganyikiwa, si utumbo.

Kosa hilo la kuchanganya ubongo na utumbo ndilo linalozaa ushauri mmoja ninaousikia mara kwa mara kuhusu kibofu: "Mbadilishie atumie trospiamu, haiingii kwenye ubongo." Kweli haiingii kirahisi, na kwa mzee anayesahau hilo ni jambo jema. Lakini utumbo hauko nyuma ya uzio wa ubongo. Trospiamu inaufikia vizuri tu na kufunga choo kama ndugu zake. Wengine husema tumia darifenasini kwa sababu inachagua M3 na kuacha vipokezi vingine. Kwa choo, hapo umechagua kibaya zaidi, maana M3 ndicho hasa utumbo unachokihitaji. Kwenye majaribio ya dawa hiyo, kwa dozi ya miligramu 15, takriban watu 21 kati ya 100 walifunga choo, dhidi ya 6 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kwa hiyo daktari wa mama huyu anaanzia wapi? Kabla ya kugusa dawa yoyote, anahakikisha hakuna kuziba kwa kweli kwa utumbo. Tumbo lililovimba na kuuma, kutapika, kushindwa kutoa hata hewa, homa: mojawapo ya hayo lingemfanya amkimbize kwenye picha ya tumbo na kwa daktari wa upasuaji, wala asimpe dawa ya kulainisha choo kwa mdomo. Mama huyu anatoa hewa, hatapiki, na tumbo lake halimuumi likibonyezwa. Loperamidi inasimamishwa papo hapo. Anapewa makrogoli kwa dozi ya kuondoa bonge: pakiti 8 kwa siku zilizoyeyushwa kwenye lita moja ya maji, zinywewe ndani ya saa sita, kwa siku zisizozidi tatu. Mwenye ugonjwa wa moyo haruhusiwi kunywa zaidi ya pakiti mbili kwa saa moja. Siku ya pili jioni anafunguka, kwa namna ambayo mwenyewe anasema hataki kuisimulia.

Anapimwa pia kibofu kwa altrasaundi baada ya kukojoa. Hii si anasa. Bonge la kinyesi kwenye puru hukaa nyuma ya kibofu na kukisukuma, na mkojo unabana mara kwa mara au unashindwa kutoka wote. Hapa ndipo pana fundo ambalo mara nyingi halionekani: mkojo unabana, mtu anapewa oksibutinini, oksibutinini inafunga choo, choo kilichojaa kinabana kibofu, mkojo unazidi kubana, dozi ya oksibutinini inaongezwa. Dawa inaonekana haitoshi, kumbe ndiyo inayolisha tatizo.

Njia ikishafunguka, swali la pili ni dawa ipi iondoke kwanza. Wengi hukimbilia ile yenye nguvu zaidi. Mimi nadhani kipimo sahihi ni kingine: ipi ina mbadala mzuri kuliko zote, na ipi itamgharimu mgonjwa kidogo kuliko zote ikiondoka. Kwa kipimo hicho mpangilio unakuwa wazi kabisa. Mzio kwanza, kibofu pili, akili mwisho, tena pengine isiguswe.

Ya mzio ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Kwa mafua ya mzio ya kudumu, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kama flutikasoni au mometasoni, inashinda kidonge chochote, hasa kwa pua iliyoziba. Sharti mgonjwa aelezwe kwamba inafanya kazi taratibu, nafuu kamili huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili, na kwamba chupa inaelekezwa kidogo kuelekea upande wa sikio, si katikati ya pua, ili asitokwe damu. Akihitaji kidonge, loratadini au setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku, au feksofenadini. Hizi ni za kizazi cha pili, na athari yake kwenye vipokezi vya muskarini ni ndogo sana. Setirizini humlaza baadhi ya watu, kwa hiyo mzee huanzishwa kwa tahadhari, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi.

Kilichobaki kwenye klorofeniramini ni usingizi, na hapo daktari akinyamaza mama atairudia. Anamwambia ukweli: usiku mbili tatu za kwanza utahangaika, kisha mwili utazoea, na hakuna haja ya kuweka kidonge kingine cha usingizi mahali pake. Baada ya yote, olanzapini anayokunywa usiku inamlaza tayari.

Kibofu kinahitaji muda zaidi. Daktari anasimamisha oksibutinini na hampi kitu kingine mara moja. Anampa karatasi aandike kwa siku tatu: saa aliyokojoa, kiasi gani kwa kikombe cha kupimia, alichokunywa, na mara ngapi ulimtoka kabla ya kufika chooni. Ninaipenda karatasi hii kuliko vipimo vingi vya mashine. Ya mama huyu ilionyesha kwamba anakojoa mara 11 mchana, mililita 100 hadi 150 kila mara, na kwamba kati ya saa mbili na saa tano asubuhi anakunywa vikombe vitatu vya chai nzito. Kafeini huchochea kibofu, na hivyo mazoezi yalianza na chai hiyo. Kisha mafunzo ya kibofu: mkojo ukibana, simama au keti, kaza misuli ya nyonga mara tano sita kwa haraka, ngoja wimbi lipite, ndipo uende chooni ukitembea, bila kukimbia. Muda kati ya safari unaongezwa kwa dakika 15 kila wiki. Hii hufanywa kwa wiki sita angalau kabla ya kusema imeshindikana. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, estrojeni ya kupaka ukeni nayo husaidia mkojo unaobana, na daktari asiisahau kwa kuwa tu si kidonge cha kibofu.

Wiki ya saba mama yuko kwenye safari saba kwa siku, lakini bado unamtoka mara moja moja. Hapo inakuja mirabegroni. Yenyewe haizuii asetilikolini. Inapita mlango mwingine, kipokezi cha beta-3, ambacho kikiguswa hulegeza msuli wa kibofu wakati wa kujaa. Choo hakifungwi zaidi ya kinavyofungwa kwa kidonge kisicho na dawa, au tofauti ni ndogo sana. Anaanza na miligramu 25, na matokeo hupimwa baada ya wiki nane hivi, si baada ya wiki moja. Lakini mbadala si malaika. Mirabegroni huweza kupandisha presha, na mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi haruhusiwi kuitumia kabisa. Presha ya mama ilikuwa 138 kwa 84, ikapimwa tena baada ya mwezi. Pia hupunguza kasi ya kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP2D6, ambacho ndicho kinachovunja risperidoni, haloperidoli na aripiprazoli. Anayetumia dawa hizo za akili anaweza kuona dawa ikizidi mwilini bila dozi kubadilika, na mwandikaji wa kibofu anapaswa kumjulisha mwenzake wa akili. Kwa asiyeweza mirabegroni na aliyeshindwa mazoezi, kuna sindano ya botulinamu kwenye ukuta wa kibofu, ingawa hiyo huweza kusababisha mkojo kubaki, na kuna kusisimua neva ya mguuni kwa umeme mdogo, njia isiyogusa utumbo kabisa.

Sasa olanzapini. Hapa kuna kishawishi. Ukiangalia mizani unaona alama 3 imebaki, na aripiprazoli iko pale na alama ndogo. Kwa nini usibadilishe tu? Kwa sababu mama huyu aliwahi kuugua mara mbili, na mara ya pili alikaa hospitalini miezi mitatu. Miaka tisa amekuwa mzima. Daktari wa akili, aliyepigiwa simu, hakubadilisha. Aliuliza kama dozi inaweza kushuka taratibu hadi 7.5 baadaye, akaamua kusubiri kwanza aone utumbo utafanyaje baada ya dawa mbili nyingine kuondoka. Nadhani aliamua vizuri. Choo kilichofungwa kinaweza kutibiwa kwa makrogoli, lakini ugonjwa wa akili ukimrudia hakuna pakiti ya kuutibu.

Ingekuwa ni mgonjwa mwingine, ambaye ugonjwa wake haukuwa mzito, au ambaye olanzapini inamnenepesha na kumpandisha sukari, kuhama kungekuwa na maana. Hapo dawa mpya huongezwa taratibu wakati ya zamani ikipungua, kwa wiki kadhaa. Kuikata ghafla kuna hatari mbili tofauti. Ya kwanza ni ugonjwa kurudi. Ya pili hujitokeza ndani ya siku chache na huchanganywa na ya kwanza: kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, wasiwasi. Mwili uliozoea vipokezi vyake kufungwa unakuta vimefunguliwa vyote kwa mara moja.

Na kuna mtego mmoja wa kuhama ambao nimeuona ukinasa watu wenye uzoefu. Mgonjwa anatolewa olanzapini, anapewa haloperidoli au risperidoni kwa sababu hazifungi choo. Baada ya wiki mbili anaanza kukakamaa na kutetemeka mikono. Anaongezewa benziheksoli kuondoa ukakamavu. Benziheksoli kazi yake yote ni kuzuia asetilikolini. Tumezunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma. Ukakamavu ukitokea, kwanza dozi ya dawa ya akili ipunguzwe, au dawa ibadilishwe. Benziheksoli ikibidi, iwe ya muda mfupi na iangaliwe upya baada ya miezi michache, kwani wengi huachwa nayo kwa miaka bila mtu kuuliza kama bado inahitajika.

Klozapini inastahili maneno yake yenyewe, kwa sababu mantiki ya mbadala inavunjika hapo. Hutolewa kwa mtu ambaye dawa mbili nyingine za skizofrenia zimeshindwa, kwa hiyo mara nyingi hakuna dawa ya kumhamishia. Na athari yake kwenye utumbo ni nzito kuliko watu wanavyodhani, maana mbali na muskarini huzuia pia vipokezi vya serotonini vinavyosaidia mwendo wa utumbo. Watafiti wa Nyuzilandi walipima mwaka 2016 muda ambao mzigo huchukua kupita utumbo mpana. Kwa waliotumia klozapini ulikuwa zaidi ya saa 100, kwa waliotumia dawa nyingine za akili takriban saa 23. Wengi wa waliokuwa na utumbo uliopooza hivyo hawakulalamika. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliongeza nguvu ya onyo lake kuhusu jambo hili Januari 2020, kwa kuwa watu walikuwa wakifa kwa utumbo kuziba, kuoza au kupasuka.

Kwa hiyo kwa klozapini mwandikaji hasubiri malalamiko. Anaanza dawa ya kufungua choo siku ile ile anapoanza klozapini: kichochezi kama sena, pamoja na cha kulainisha, na makrogoli ikiongezwa ikibidi. Watafiti wale wale walipojaribu utaratibu wa aina hiyo, muda wa kupita ulishuka kutoka takriban saa 110 hadi saa 62. Bado ni mrefu, lakini si ule wa mwanzo. Dawa za nyuzinyuzi zinazovimba ndani ya maji, kama ispagula, ziepukwe. Kwenye utumbo usiosukuma, kuongeza ukubwa wa mzigo ni kuongeza kizuizi. Na muulize mgonjwa ana siku ngapi bila choo, kila anapokuja, kwa namba. "Unaendeleaje na tumbo?" hujibiwa "vizuri" hata na mtu mwenye siku tisa. Klozapini ikilazimika kusimamishwa kwa zaidi ya saa 48, hairudishwi kwenye dozi ile ile. Inaanzwa upya kutoka miligramu 12.5, vinginevyo presha inaweza kuanguka na mtu akazimia.

Turudi kwa mama wetu. Aliendelea na olanzapini, sena vidonge viwili usiku na pakiti moja ya makrogoli asubuhi, mirabegroni, na dawa ya pua. Alama zake zilishuka kutoka 9 hadi 3. Alipata choo kila siku ya pili, laini, bila kujikamua.

Mwezi wa nne akarudi, tumbo limejaa tena, siku sita. Daktari alipitia dawa zote moja moja na hakukuta kilichobadilika. Mwishowe akamwomba amwage mkoba mezani. Kati ya leso na funguo kulikuwa na bamba la vidonge vya mafua vya dukani, nusu limeisha. Mama alishangaa kuulizwa. Hiyo si dawa ya hospitali, alisema, hiyo ni ya mafua tu. Daktari akaigeuza bamba nyuma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili wa maandishi madogo: klorofeniramini, miligramu 4.